Maradhi, Amri na Katiba: Uhakiki wa Fikra ya Hali ya Hatari katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ipo fikra moja ambayo imezoeleka mno miongoni mwa viongozi wetu wa ngazi mbalimbali, na ambayo hata wanafunzi wa siasa na sheria huikariri bila kuichunguza. Fikra hiyo inasema kwamba yanapozuka maradhi makubwa, Katiba hukaa kando kwa muda, na kiongozi aliyepo mahali hapo huwa na uwezo wa kufunga barabara, kuzuia mitumbwi na kuwakataza watu kutoka vijijini mwao. Eti ni "hali ya hatari", na katika hali ya hatari haki za mtu hulala mpaka maradhi yapite.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo ni potofu kwa mujibu wa Katiba yetu ya mwaka 1977 kama ilivyo leo, na kwamba upotofu wake si wa maneno tu. Katika nchi ya wakulima na wavuvi, kumzuia mtu kutembea ni kumzuia kula. Kwa hiyo swali la nani anaweza kumzuia, kwa sheria gani, na kwa siku ngapi, ni swali la riziki ya wananchi. Tutalitazama swali hilo kutoka mahali pamoja mahususi, yaani Mbinga na mwambao wa Ruvuma katika Ziwa Nyasa.

1. Mahali penyewe

Mbinga ni nchi ya milima. Wamatengo hulima kahawa, mahindi na maharage huko juu. Chini, ziwani, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huvua. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa mchana, na kisha hupandishwa Mbinga na Songea. Mahindi na maharage huteremka kwa njia hiyo hiyo. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay haifiki kilomita 70, lakini pande zote mbili zinaitegemea: aliye juu hupata kitoweo na aliye chini hupata unga.

Ziwa nalo lina njia zake. Ng'ambo ya Mbamba Bay iko Nkhata Bay ya Malawi, na kusini uko mwambao wa Msumbiji. Watu wa pande hizo wamevuka kwenda na kurudi tangu kabla ya kuwapo mipaka, kwa sababu ya biashara, ndoa na misiba. Hapo ndipo panapofaa kuipima hoja ya kufunga njia, maana pana barabara moja, ziwa moja, na nchi tatu zenye katiba tatu.

2. Katiba inasema nini hasa

Msomaji anayetaka kulielewa suala hili hana budi kutofautisha milango miwili iliyomo ndani ya Katiba. Makosa mengi hutokana na kuichanganya.

Mlango wa kwanza ni hali ya hatari. Kwa ibara ya 32 Rais peke yake ndiye anayeweza kuitangaza, katika nchi nzima au katika sehemu yake. Sababu zimetajwa, na miongoni mwake ni vita, kuvurugika kwa amani, na tukio la hatari au janga linalotishia jamii au sehemu yake. Maradhi makubwa yanaweza kabisa kuingia hapo. Lakini tangazo hilo lina kamba shingoni. Nakala yake hupelekwa kwa Spika, naye huliitisha Bunge katika muda usiozidi siku 14, na theluthi mbili ya Wabunge wote wasipoliunga mkono, tangazo hufa lenyewe. Likiungwa mkono huishi miezi 6, na haliongezwi ila kwa theluthi mbili nyingine. Mkuu wa Mkoa hana uwezo huo, wala Mkuu wa Wilaya, wala kamati yoyote ya ulinzi na usalama.

Sasa yafuata jambo ambalo wengi hawalijui. Ibara ya 31, inayoeleza hali ya hatari inafungua nini, inaruhusu sheria kukiuka ibara mbili tu: ya 14 ihusuyo haki ya kuishi, na ya 15 ihusuyo uhuru wa mtu binafsi. Hata hapo inaweka sharti kwamba hatua zichukuliwe kwa kiasi kile tu ambacho ni cha lazima na halali kwa kushughulikia hali iliyopo. Ibara ya 17, ambayo ndiyo inayompa raia uhuru wa kwenda atakako, haikutajwa kabisa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hata Rais akitangaza hali ya hatari, na hata Bunge likikubali kwa kura zote, uhuru wa kutembea haulali. Unabaki pale pale, na mipaka yake ni ile ile ya siku za kawaida.

Mlango wa pili ndio mipaka hiyo. Ibara ya 17(2) inakubali sheria inayowekea mpaka uhuru wa kwenda utakako ili kulinda manufaa ya umma au maslahi ya sehemu fulani ya umma. Ibara ya 30(2) inakubali sheria zinazolinda mambo kadhaa, na afya ya jamii imetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo kuzuia watu wasitembee wakati wa maradhi kunawezekana bila hali ya hatari yoyote, lakini kwa sharti moja: pawepo sheria. Tamko la kiongozi katika mkutano wa hadhara halitoshi, wala gari la matangazo, wala agizo la simu. Sheria hiyo tunayo, nayo ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayowapa Waziri na maofisa wa afya uwezo wa kuzuia maradhi ya kuambukiza yasienee, pamoja na kuwatenga wagonjwa. Ziko pia sheria ndogo ambazo halmashauri za wilaya na za vijiji zinaweza kuzitunga kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982.

Hapa mpinzani atasema: ikiwa "manufaa ya umma" yanatosha, basi sheria yoyote itapita, maana nani atakosa kudai manufaa ya umma? Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Shauri lenyewe halikuhusu maradhi. Lilihusu sheria iliyomtaka mwananchi kupata kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali. Lakini kipimo kilichowekwa na Mahakama ni cha sheria zote zinazopunguza haki. Kwanza, sheria isiwe ya kiholela. Iwe na kinga ya kutosha dhidi ya maamuzi ya ovyo ya wale wanaoitumia. Pili, mpaka unaowekwa usizidi kile kinachohitajika kwa busara ili kufikia lengo halali. Kiwazo cha kwanza kinauliza habari za mkono unaoamuru. Cha pili kinauliza habari za uzito wa amri.

3. Funzo la ng'ambo ya ziwa

Mwaka 2020 nchi mbili zinazotazamana katika ziwa hili zilichukua njia tofauti kabisa mbele ya korona. Tanzania ilifunga shule na vyuo mwezi Machi na ikawataka wasafiri kutoka nchi zilizoathirika kukaa karantini siku 14, lakini haikuwafungia wananchi majumbani, wala haikutangaza hali ya hatari. Malawi ilitangaza hali ya maafa mwezi Machi, na tarehe 14 Aprili Rais Mutharika alitangaza kuifunga nchi kwa siku 21 kuanzia usiku wa tarehe 18.

Tangazo hilo halikuanza kufanya kazi. Wachuuzi waliandamana katika miji wakiuliza watakula nini. Muungano wa watetezi wa haki za binadamu ulikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 17 Aprili jaji akasimamisha utekelezaji. Shauri lilipelekwa mbele ya majaji watatu wakikaa kama mahakama ya kikatiba, nalo linajulikana kwa jina la mmoja wa walalamikaji, Kathumba. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Septemba 2020, na kanuni zile za kufunga nchi zikabatilishwa.

Kiini cha hukumu ile kilikuwa chombo kilichotumika. Waziri alikuwa ametunga kanuni chini ya sheria ya afya ya jamii, na kwa kanuni hizo akataka kuwafungia watu wote wa nchi, wagonjwa na wazima. Katiba ya Malawi inalikataza Bunge kukabidhi kwa mtu mwingine uwezo wa kutunga sheria zinazogusa haki za msingi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo jambo zito kama lile lilipaswa kupitia kwa wawakilishi wa wananchi wenyewe. Miongoni mwa maswali yaliyofikishwa mbele ya majaji lilikuwamo pia swali la riziki: je, Serikali yaweza kumzuia maskini asiende kutafuta chakula bila kuonyesha atakula nini?

Baadhi ya wasomi wetu waliipokea hukumu hii kwa shangwe na kusema kwamba nasi tuichukue kama ilivyo. Hilo ni kosa la kunakili. Katiba yetu haina katazo la namna ile. Ibara ya 97(5) inaliruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya sheria. Kwa hiyo hoja iliyoangusha kanuni za Malawi isingeweza peke yake kuangusha kanuni kama hizo Dodoma. Kwetu, swali lisingekuwa tu kwamba Waziri ametunga kanuni, bali kanuni zenyewe zina kinga gani na zina uzito gani. Yaani tungerudi kwenye kipimo cha Pumbun.

Wengine walifanya kosa la upande wa pili. Walisema kwamba mahakama ya Malawi ilichezea maisha ya watu kwa kujishughulisha na vifungu wakati maradhi yanakuja. Hawa nao hawaelewi. Mahakama haikusema kwamba Serikali haiwezi kupambana na maradhi. Ilisema kwamba haiwezi kufanya hivyo kwa chombo kisichokuwa na uwezo huo. Aidha, ni nani aliyeleta jambo lile barabarani kabla halijafika mahakamani? Ni mchuuzi wa sokoni, ambaye alitambua kabla ya mawakili kwamba amri isiyo na chakula haitatiiwa.

4. Tupime amri moja

Nadharia isiyopimwa kwa jambo halisi ni mapambo. Basi tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa namna ambayo mwambao wowote wa maziwa yetu unaweza kuupata. Tuseme kipindupindu kimezuka katika kijiji kimoja cha wavuvi kati ya Lituhi na Liuli. Kiongozi wa wilaya anatoa amri ya mdomo kwamba mtu yeyote asitoke wala asiingie katika vijiji vya mwambao, mitumbwi isiingie majini, na Watanzania walioko ng'ambo wasirudi, mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Tuanze na mkono. Kiongozi huyu ametumia sheria gani? Mara nyingi hutajwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997, ambayo inawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa saa 48. Lakini uwezo ule umewekwa kwa ajili ya mtu anayehatarisha amani. Mvuvi aliyekwenda kutega nyavu zake hakuhatarisha amani. Kutumia sheria ya amani kuendesha kazi ya afya ni kutumia shoka kushonea nguo. Amri halali ingetoka kwa mwenye uwezo chini ya sheria ya afya, ingeandikwa, ingetaja kifungu, ingetaja eneo, na ingebandikwa mahali ambapo watu wanaweza kuisoma.

Pili ni muda. Maneno "mpaka itakapotangazwa vinginevyo" yanatosha kuitia amri nzima mashakani. Katiba imeiwekea hata hali ya hatari ya Rais siku 14 za kwanza na miezi 6 baada ya Bunge kuridhia. Haiwezekani amri ya wilaya iwe na umri mrefu kuliko tangazo la Rais.

Tatu ni uzito, na hapa lazima tuijue tabia ya maradhi yenyewe. Kipindupindu huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, na watu wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, ingawa wanaweza kutoa vijidudu katika choo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kizuizi cha barabarani hakiwezi kumtambua anayebeba maradhi. Askari atamzuia mzima na kumpitisha aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani kwa sababu hizo halishauri kuzuia safari na biashara kwa ajili ya kipindupindu. Kinachozuia ni maji yaliyotiwa dawa, vyoo, kufunga vibanda vya chakula visivyo na maji safi, na maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa mapema iwezekanavyo. Amri ya kufunga kibanda kichafu inapita katika kipimo, maana inagusa chanzo. Amri ya kufunga ziwa lote haipiti, maana inawanyima maelfu riziki yao na haigusi chanzo.

Tena amri hiyo inaweza kuzidisha maradhi. Mgonjwa anayejua kwamba kijiji chake kitafungwa akionekana, atajificha. Mwenye mtumbwi ataondoka usiku na kutua mahali pasipo na mganga wala choo. Dalili ya amri mbaya ni hiyo: idadi ya wagonjwa inayoandikwa zahanati inapungua, huku misiba ikiongezeka nyumbani.

Nne ni wale walioko ng'ambo. Ibara ya 17(1) inampa raia haki ya kutoka nje ya nchi na ya kuingia. Mtanzania anayerudi kutoka Nkhata Bay hawezi kurudishwa majini. Anaweza kupimwa na kutengwa kwa siku zinazolingana na maradhi, lakini kutengwa huko nako ni kupunguza uhuru wake binafsi, na ibara ya 15 inataka utaratibu uliowekwa na sheria. Mgeni kutoka Malawi au Msumbiji hana haki ile ya kuingia, maana ibara ya 17 ni ya raia. Lakini akishakuwa mikononi mwetu, ibara ya 15 inamlinda, kwa sababu inamlinda kila mtu.

Je, maana yake ni kwamba hakuna maradhi yanayohalalisha kumzuia mtu? La. Mwezi Machi 2023 maradhi ya Marburg yalizuka wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Hayo huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na dalili huweza kuchelewa hadi siku 21. Waliowagusa wagonjwa walitafutwa kwa majina na kufuatiliwa siku hizo 21. Walipatikana wagonjwa 9 kwa jumla, akiwamo mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa vipimo, na 6 walifariki. Tarehe 2 Juni ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Mkoa haukufungwa. Hatua ilikuwa kali kwa wachache waliohusika, na ilikuwa na mwisho unaohesabika. Huo ndio uzito unaolingana na lengo.

5. Udhaifu wetu wenyewe

Ukosoaji unaowatazama jirani tu si ukosoaji. Katiba yetu imeuwekea uhuru wa kutembea ulinzi ambao hata hali ya hatari haiuondoi. Lakini mwananchi wa mwambao akionewa, ataupataje ulinzi huo?

Sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi inamtaka afungue shauri Mahakama Kuu, na shauri lisikilizwe na majaji watatu. Lazima kwanza aonyeshe kwamba hana njia nyingine ya kutosha ya kupata haki. Marekebisho ya mwaka 2020 yakaongeza kwamba anayelalamika aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Tena, mahakama ikiona sheria ina kasoro, inaweza kuipa Serikali muda wa kuirekebisha badala ya kuitangua papo hapo.

Masharti haya yametetewa kwa hoja kwamba yanazuia mashauri ya kuzua. Huenda ni kweli kwa mashauri mengine. Lakini kwa amri ya maradhi, ambayo huishi wiki tatu au nne, matokeo yake ni kwamba amri itakuwa imekufa kabla shauri halijasikilizwa. Nchini Malawi muungano wa raia ulisimamisha amri siku 3 baada ya kutangazwa. Kwetu, chini ya marekebisho yale ya mwaka 2020, muungano kama huo ungeulizwa kwanza: wewe umeathirika vipi? Na mvuvi aliyeathirika angetakiwa kufika Songea, kutafuta wakili, na kusubiri majaji watatu, wakati ambapo kosa lake hasa ni kwamba amezuiwa kusafiri.

Hapa ndipo mkinzano ulipo. Haki imeandikwa kwa ukarimu, na mlango wa kuifikia umefanywa mwembamba. Kwa kuwa mahakama iko mbali, ulinzi wa kwanza wa mvuvi si jaji. Ni mtendaji wa kata, diwani, ofisa wa afya na mwenyekiti wa kijiji. Hao ndio wanaopokea amri na kuipeleka kwa watu, na hao ndio wanaoweza kuirudisha juu ikiwa na maswali.

Maswali yenyewe ni machache. Ni sheria gani na kifungu gani? Nani ameitia sahihi, naye ana uwezo huo? Itakwisha tarehe ngapi? Je, njia hii ya kuzuia inalingana na namna maradhi haya yanavyoambukiza? Waliozuiwa watakula nini, na chakula hicho kitapita barabara gani ikiwa barabara imefungwa? Amri inayojibu maswali hayo matano itekelezwe bila kusitasita, hata ikiuma, na anayeikaidi awajibishwe. Amri isiyoyajibu irudishwe kwa aliyeitoa ili aiandike upya, na wakati anaiandika, dawa ya maji ipelekwe kijijini, maana kwa kazi hiyo hakuna ibara inayomzuia mtu.